Kumkopesha rafiki: namna ya kupata kiasi kisichokuumiza hata kisiporudi

Kiasi cha kumkopesha rafiki hupatikana kwenye mfuko wa anayekopesha. Wengi hukitafuta kwingine: kwenye uzito wa shida aliyosimuliwa, kwenye miaka ya urafiki, kwenye sauti iliyopiga simu saa tatu usiku. Ndiyo maana mtu anatoa laki mbili Jumanne kwa roho safi, Alhamisi ameanza kuhesabu siku.

Mwongozo huu unafuata kanuni moja. Usikopeshe zaidi ya kile ambacho ungeweza kumpa mtu huyo bure, kisha ukaendelea kula, kulipa na kumsalimia kama kawaida. Mkopo wa namna hiyo ukirudi ni heri. Usiporudi, umekuwa zawadi, na wewe ulishajua hivyo kabla hujabonyeza namba ya siri. Kanuni ni nyepesi kusema. Shughuli iko kwenye kukipata kiasi chenyewe, kukitoa bila kukosea maneno, na kujua siku ya kuliachia deni.

Tutatumia mfano mmoja hadi mwisho. Fundi cherehani wa Ngamiani, jijini Tanga, anashona magauni na sare za shule. Shoga yake anafanya biashara ya dagaa Sahare: boti zikiingia alfajiri ananunua kwa ndoo, anachemsha kwa maji ya chumvi, anaanika, anauza. Ameomba akopeshwe shilingi 200,000 aongeze mtaji. Fundi ana 410,000. 290,000 ziko kwenye simu na 120,000 kwenye kopo la ndani. Kwa macho, pesa ipo na inabaki.

Kwanza, toa pesa isiyo yako

Chukua daftari au karatasi. Andika juu kabisa pesa yote uliyo nayo leo, ya simu, ya mkononi na ya benki, kwa shilingi kamili. Usihesabu pesa unayodai watu wala mshahara ambao haujaingia. Kisha anza kutoa.

Cha kwanza kutoka ni pesa ya watu iliyokaa kwako. Kwa fundi wetu ni vianzio: wateja watatu wameshalipa sehemu ya bei kabla nguo hazijashonwa, jumla 85,000. Vitambaa, zipu na uzi wa kazi hizo bado havijanunuliwa. Hapa ndipo mafundi, wenye vibanda vya chakula na wauza duka hujikwaa zaidi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu pesa ya kianzio imelala pamoja na faida kwenye laini moja na haina alama. Ukimkopesha rafiki kianzio cha mteja, umemkopesha pesa ya mtu mwingine bila kumuuliza. Mweka hazina wa kikundi aliye na makusanyo ya Jumamosi yuko kwenye hatari ileile, na yeye hata heshima yake iko rehani.

Cha pili ni pesa yenye jina na tarehe. Kodi ndiyo inayodanganya kuliko zote, maana wenye nyumba wengi huchukua ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Fundi wetu analipa 50,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi 6, na hadi sasa ametenga ya miezi mitatu: 150,000. Pesa hiyo inaonekana imekaa bure kwa sababu siku ya kulipa iko mbali. Haijakaa bure. Kwenye fungu hilihili weka mchezo. Anampa kijumbe 10,000 kila wiki, na zamu yake bado wiki mbili, kwa hiyo 20,000 zinatoka. Umeme na maji, 9,000.

Cha tatu ni chakula. Mwenye kipato cha kila siku hahitaji kutenga chakula cha mwezi mzima, kwa sababu kesho ataingiza tena. Atenge cha wiki moja, iwapo kazi itakatika au mtoto ataugua. Nyumba hii inatumia 8,000 kwa siku, hivyo 56,000.

Hesabu inakuwa hivi:

410,000 − 85,000 (vianzio) = 325,000
325,000 − 150,000 (kodi) = 175,000
175,000 − 20,000 (mchezo) = 155,000
155,000 − 9,000 (umeme na maji) = 146,000
146,000 − 56,000 (chakula cha wiki) = 90,000

Kati ya laki nne na kumi, pesa huru ni elfu tisini. Na hiyo tisini usiitoe yote. Nusu yake inabaki nyumbani kwa jambo usilolijua bado: msiba, sindano ya cherehani iliyokatika pamoja na kifaa chake, nauli ya ghafla kwenda Pangani. Nusu nyingine, 45,000, ndiyo dari ya mfuko. Kumbuka kwamba aliyeomba aliomba 200,000. Tofauti hiyo inashtua, lakini ingekuwapo hata kama fundi asingeiandika. Angekutana nayo siku mwenye nyumba anabisha hodi.

Mwajiriwa ahesabu kwa njia nyingine, kwa sababu maombi mengi humfikia siku mshahara unapoingia, siku ambayo kila mtu ni tajiri. Fungua taarifa za akaunti au za simu, utafute salio la chini kabisa ulilofikia katika kila mwezi kwa miezi 3 iliyopita. Tuseme ni 70,000, 25,000 na 40,000. Chukua ndogo kuliko zote, 25,000. Hiyo ndiyo pesa ambayo kweli huwa haina kazi kwako, na dari yako haivuki hapo, hata kama leo akaunti inasoma laki saba.

Kama pesa ni ya nyumba ya watu wawili, mwenzako ajue kiasi kabla hakijatoka. Ukimficha, zawadi umetoa wewe na kujinyima amejinyima yeye.

Pili, kipimo cha moyo

Dari ya mfuko ikishapatikana, kuna dari nyingine, na kiasi cha kutoa ni kile kilicho kidogo kati ya hizo mbili.

Ipime hivi. Jiulize: miezi mitatu imepita, hajalipa, hajasema neno. Unapita barazani jioni unamkuta amekaa na wenzake, kahawa mkononi, simu mpya mapajani. Anakuita kwa furaha. Je, 45,000 inakukaa kooni? Kama inakukaa, punguza. Jaribu 30,000, jaribu 20,000, hadi ufike kwenye kiasi ambacho simu yake mpya ni simu yake tu. Watu hudhani kipimo hiki kinapima uaminifu wa rafiki. Kinampima mtoaji, na majibu hutofautiana kwa mtu yuleyule: kwa rafiki wa utotoni unaweza kuvumilia 45,000, na kwa rafiki wa kazini ambaye mwaka jana alikuzungusha, hata 10,000 inawasha.

Fundi wetu amejipima na kuona 40,000 inakaa vizuri. Anashuka kutoka 45,000 hadi hapo. Zile 5,000 zitamlipia gharama ya kutuma, na ya kutolea pia, kama tutakavyoona.

Tatu, uliza haja inagawanyika au haigawanyiki

Mkopo mdogo kuliko ulioombwa unaweza kuwa msaada kamili, na unaweza kuwa pesa iliyotupwa. Inategemea aina ya haja, na watu wachache hujisumbua kuuliza.

Mtaji wa dagaa unagawanyika. Tuseme ndoo inauzwa 20,000 alfajiri hiyo: laki mbili ni ndoo kumi, elfu arobaini ni ndoo mbili, na ndoo mbili zinachemshwa, zinaanikwa na kuuzwa kama zile kumi. Chakula cha nyumbani kinagawanyika. Dawa hugawanyika mara chache.

Haja isiyogawanyika ni ile inayotaka kiasi kamili kabla haijafanya kazi: nauli, faini, ada ambayo shule haipokei pungufu, kifaa cha pikipiki. Hapa uliza maswali matatu, kwa upole na kwa mpangilio huu: jumla inatakiwa ngapi, umeshapata ngapi, na mwisho ni lini. Kama inatakiwa 200,000 na ameshapata 150,000, 40,000 yako inaubeba mzigo uliobaki karibu wote. Kama hajapata hata mia na mwisho ni kesho, kuna uwezekano mkubwa 40,000 yako italiwa kwa jambo lingine, na ada itabaki palepale. Katika hali hiyo mwambie: «Ukifikisha 160,000, nipigie, 40,000 ya mwisho iko kwangu.» Hiyo ni ahadi; ukiisema, pesa hiyo nayo inaingia kwenye orodha ya pesa yenye jina hadi tarehe ipite.

Haja ya tatu ni mbaya kuliko zote mbili: deni linalozaa. Mtu amechukua mkopo wa kausha damu, riba inapanda kila wiki, anataka umtoe. Kiasi kidogo hapo humezwa na riba, na deni la msingi halipungui hata kidogo. Ukiwa na dari ya 40,000, afadhali umpe kwa ajili ya chakula cha nyumba yake, umwambie wazi ni ya chakula, ili pesa yake mwenyewe ielekee kwenye deni la msingi.

Inapowezekana, lipia kitu chenyewe. Bili ya hospitali ya serikali ina kumbukumbu namba ya malipo. Mwombe namba hiyo ulipe moja kwa moja kwa simu. Dawa inunue dukani. Si kwa sababu rafiki ni mwongo. Mtu mwenye shida tatu akishika pesa mkononi, hulipa shida inayopiga kelele zaidi siku hiyo, na huenda isiwe ile aliyokuambia.

Nne, namna ya kusema

Jibu linatakiwa liwe na kiasi, tarehe na nukta. Maelezo ya kwa nini si zaidi yaache. Ukisema «nina kodi, nina mchezo, mtoto naye…» unafungua mjadala, na mwenye shida ana muda wa kujadili: kodi si mpaka Machi? Kijumbe si umwombe akusogezee?

Kati ya mashoga wawili, maneno yanaweza kuwa haya:

«Shoga, laki mbili sina. Ninayo arobaini, hiyo naiweza. Nikutumie?»

Kwa wanaume ni yaleyale, badala ya shoga ni ndugu yangu au sahibu. Usiseme «sina kitu» wakati unacho. Tanga ni mji wa kuonana: asubuhi umesema huna, mchana unaonekana sokoni Mgandini na kapu limejaa, jioni habari imefika. «Sina ya kukopesha» ni sentensi ya kweli hata ukiwa na laki nne kwenye simu, maana hesabu umeshaiona.

Sasa lile swali gumu: umwambie kwamba ni zawadi? Kwa mtoaji imeshakuwa zawadi moyoni, lakini mwenzake aliomba mkopo. Maoni yetu ni kwamba aliyeomba mkopo apewe mkopo. Kuna watu ambao kuambiwa «chukua tu, usirudishe» kunawashusha, na wengine watakataa kabisa wabaki na shida yao. Aliyepewa mkopo amebaki sawa na aliyempa. Pia, wengi hulipa, na hakuna sababu ya kumfungia mtu mlango wa kulipa ambao mwenyewe aliufungua. Ubadilishe tu kama unajua kabisa kwamba hana njia: mjane wa juzi, mgonjwa wa kulala kitandani. Huyo mpe, umwambie ni yake, yaishe.

Tofauti inabaki kwenye daftari lako. Pesa ikitoka, ifute kwenye hesabu ya pesa yako siku hiyohiyo. Usiiandike kwenye ukurasa wa wanaokudai na unaowadai. Iandike ukurasa wa nyuma, peke yake: tarehe, jina, kiasi, basi. Usiipangie kazi. Siku utakapomwambia fundi bati «kuna mtu ananiletea elfu arobaini mwisho wa mwezi,» ile zawadi imegeuka tena kuwa deni, na sasa wewe nawe una mtu anayekungoja.

Tano, kutuma na kupanga tarehe

Tuma kwa simu, uweke na ya kutolea, ili 40,000 ifike mkononi 40,000. Gharama hizo ni zako na haziingii kwenye mkopo. Kumdai mtu elfu mbili ya makato ni kuharibu jambo kwa kitu kidogo. Baada ya muamala tuma ujumbe mmoja:

«Shoga nimekutumia 40,000 pamoja na ya kutolea. Utanirudishia giza la mwezi ujao likiisha, Mungu akipenda.»

Ujumbe huo unatosha; kwa nini giza, tutaona kwenye tarehe. Kwa mkopo uliojikubalisha kwamba huenda ukawa zawadi, hati yenye mashahidi ni mzigo usio na kazi. Hata hivyo usiache bila maandishi yoyote. Aya ya 282 ya Suratul Baqara inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, na sababu yake inaonekana mitaani kila siku: baada ya miezi mitatu mmoja anakumbuka arobaini, mwingine thelathini, na wote wawili wanasema kweli kwa kadiri ya kumbukumbu zao.

Kuhusu nyongeza, usiombe na usiidokeze. «Utaniongezea kidogo ya soda» ni riba hata ikivikwa utani, na zaidi ya hapo, inakufanya uanze kungoja.

Tarehe iendane na mapato ya anayekopa. «Mwisho wa mwezi» ni tarehe ya mwajiriwa. Muuza dagaa haimhusu. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki usiku ukiwa mweusi. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, taa hazivuti kitu, na boti nyingi za dagaa hulala pwani siku hizo. Kwa hiyo muuza dagaa hupata pesa wakati wa giza na hula akiba wakati wa mbalamwezi. Ukimwambia alipe katikati ya mbalamwezi, umempangia siku ambayo hata mwaminifu hawezi. Tarehe nzuri ni siku mbili tatu baada ya giza kuisha, kabla akiba haijaliwa, na tena mpe giza la pili, maana la kwanza ndilo linaurudisha mtaji. Kipupwe kikiwa na upepo mkali wa kusi, ongeza mwezi mwingine. Mkulima wa machungwa wa Muheza, naye mpangie baada ya mavuno, na dereva wa bodaboda aliye kwenye mkataba alipe kidogo kidogo, 5,000 kwa wiki, kwa sababu hana siku moja ambayo pesa humjia nyingi.

Sita, kukumbusha mara moja

Tarehe ikipita, subiri wiki. Kisha kumbusha mara moja, kwa faragha, ana kwa ana au kwa ujumbe, kamwe si mbele ya watu wala kwenye kundi la wasapu:

«Shoga, habari za Sahare? Ile arobaini vipi, giza limekaaje?»

Swali la giza limewekwa makusudi. Linampa pa kujibia bila kudanganya: limekuwa baya, boti zimetoka mara tatu tu. Ukimuuliza «lini?» peke yake, atataja siku yoyote ili uondoke, na siku hiyo ikipita atakuwa mwongo, wakati kabla ya swali lako alikuwa amechelewa tu.

Akikupa 10,000, ipokee kwa furaha yote na uandike. Usimwambie «ngoja kwanza upate yote». Anayekataliwa pungufu huitumia, na hakuna atakayeiona tena. Akisema hana, mwambie haina neno, na wewe usirudie. Ukumbusho wa pili hauongezi nafasi ya kulipwa kwa rafiki asiye nacho. Unaongeza njia anazokwepa kupita. Utaijua hali hiyo kwa dalili zake: simu inaita haipokewi, salamu zinatumwa kupitia mtoto, akikuona upande huu wa barabara anakumbuka jambo upande ule.

Saba, siku ya kuliachia

Panga mapema, ukurasa uleule wa nyuma, siku ambayo deni litaachiwa kwa sauti. Miezi mitatu baada ya tarehe ya kulipa inafaa kwa kiasi kama hiki. Kwa sauti, kwa sababu kusamehe moyoni peke yake ni nusu ya kazi. Wewe umepumzika, yeye bado anakukimbia, haji arusini kwako, na urafiki unakufa juu ya deni ambalo halipo tena. Aya ya 280 ya sura ileile inamtaka mwenye kudai ampe muda mdaiwa aliye na dhiki, kisha inasema kuifanya sadaka ni bora zaidi. Sehemu ya kwanza umeshaitimiza kwa miezi mitatu.

Maneno yawe mafupi, na yasiwe na ndoano: «Ile arobaini nimeiacha, shoga. Imekwisha. Uje Jumapili.» Usiongeze «nimekuonea huruma» wala «nakujua hali yako». Na baada ya hapo usiitaje tena kwa mtu yeyote, hata kwa kumsifu. Masimbulizi huharibu sadaka, hilo kila aliyekaa chuo cha Kurani analijua, lakini namna yanavyotokea ndiyo haionekani mapema: hayaanzi na ubaya, huanza na mfano. Mtu mwingine anakuja kukopa, unamwambia «we mwenyewe si unajua fulani alinifanyaje?» Hapo imeshasemwa.

Jambo moja la kuchunga: kulilipa deni kwa kitu kingine bila makubaliano. Rafiki ana bodaboda, unaanza kupanda bure ukijiambia unajilipa. Yeye anaona unamnyonya. Fundi wetu asichukue dagaa wa 5,000 kila wiki akijihesabia kimya. Kama wote wawili wanataka hivyo, waseme bei, wakubaliane ni mafungu mangapi, waandike. Vinginevyo alipe dagaa wake kama mteja mwingine.

Akirudi kukopa tena

Atarudi, aliyesaidiwa huja alikosaidiwa. Deni lililoachiwa halimpi haki ya lingine, wala halimfanyi adui. Kinachoamua ni fungu la mwaka. Mwezi wenye nafuu, tenga kiasi cha marafiki, tuseme 15,000, lisizidi 180,000 kwa mwaka. Kila mkopo kwa rafiki unatoka humo, ukirudi unaingia humo. Fungu likiisha, jibu ni «sina ya kukopesha» hadi lijae tena, na jibu hilo ni sawa kwa wote. Kwa aliyeachiwa deni mwaka huuhuu, fanya hivi: usimkopeshe tena, ila kama shida ni ya kweli mpe kidogo, 5,000 au 10,000, iitwe zawadi tangu mwanzo.

Pale kiasi kinapokupita bila kujua

Kuna njia mbili za kumkopesha rafiki zaidi ya dari bila shilingi kutoka mkononi leo, na zote mbili huonekana kama hisani ndogo.

Ya kwanza ni kuchukua mkopo kwa jina lako ili umpe yeye, iwe wa simu au wa kikundi. Rafiki asipolipa, hutapoteza 40,000; utapoteza 40,000 na makato yake, na jina lako ndilo litakaloharibika kwa mkopeshaji. Pesa uliyokopa si pesa huru. Haimo kabisa kwenye hesabu ya mfuko, na hakuna kiasi chake ambacho ni kidogo.

Ya pili ni udhamini wa kikoba. Vikundi vingi humruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya hisa zake, na pengo lile la mara mbili linashikwa na hisa za wadhamini. Mwenye hisa za 100,000 akichukua 300,000, akaingia mitini, wadhamini wawili wanaweza kukatwa 100,000 kila mmoja siku ya kuvunja kikoba. Kabla hujatia saini, muulize katibu mambo mawili: mdhamini hukatwa hadi kiasi gani, na faini za kuchelewa zinamhusu au hazimhusu. Kiasi kitakachotajwa kiweke kwenye hesabu kana kwamba unakitoa leo taslimu. Kama dari yako ni 45,000 na udhamini ni 100,000, jibu umelipata, na kumwambia rafiki «nitakupa arobaini yangu, ila sitii saini» ni ukarimu mkubwa kuliko saini.

Na kama kiasi ni kikubwa kuliko dari na bado umeamua kukitoa, basi umetoka kwenye mwongozo huu. Hiyo ni biashara: iandikwe mkataba, iwe na mashahidi wawili wa pande zote, tarehe za awamu na saini. Sheria ya Tanzania inakupa miaka 6 kufungua madai yatokanayo na mkataba, na njia yake ni mahakama. Deni ni madai ya kawaida, si jinai, kwa hiyo usitegemee polisi wakukusanyie.

Mwisho, malizia daftari. Deni likilipwa, andika «imerudi» na tarehe. Likiachiwa, andika «imeachiwa» na tarehe, na mtu mmoja nyumbani aonyeshwe ukurasa huo. Kwenye maziko huku pwani hutangazwa kabla ya swala kwamba anayemdai marehemu ajitokeze kwa wafiwa, na madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Akitangulia rafiki, utajua hapohapo kwamba huna la kusema. Ukitangulia wewe, warithi wako wakiukuta ujumbe wa zamani kwenye simu yako, neno hilo moja daftarini litawazuia kwenda kumdai mtu ambaye hadaiwi.